Nusura nimchagulie mada

Binti yangu wa miaka 8 alitakiwa kupeleka mada ya mradi wa sayansi. Ulimi uliniwasha nimtajie umeme wa limau (nikiri tu, mimi ndiye niliyeutaka). Nikajizuia, nikamuuliza, "Wiki hii umejiuliza nini ukakosa jibu?"

"Sisimizi wanajuaje sukari iko wapi?"

Swali tamu, ila kwa siku 5 tulizokuwa nazo lingetushinda. Sikumwambia halifai. Nilimuuliza, "Sasa tutahesabu nini?" Akanyamaza muda mrefu, nami nikanyamaza naye, na hapo ndipo pagumu kwa mzazi. Mwisho akasema tuhesabu wanaokuja. Kwenye nini? Akaligeuza mwenyewe: watakuja wengi kwenye sukari au kwenye chumvi?

Nikauliza nini kiwe sawa pande zote. Akataja kijiko kimoja kimoja, umbali uleule kutoka kwenye tundu lao, dakika 10.

Usiku nikamwomba amweleze bibi yake, mimi nikiwa kimya. Angenigeukia kila sentensi, ningejua mada ni yangu. Hakugeuka hata mara moja. Ila alisahau kutaja chumvi.