Kumbukumbu ya mradi wangu: presha imekubali, entropia imegoma

Hii ni wiki ya tatu na kale kaskripti kangu ka agoni. Wazo lenyewe ni dogo tu: naandika kitendakazi cha mgawanyo Z cha gesi, yaani hesabu ya hali zote ambazo atomi zake zinaweza kuwa nazo, napata nishati huru ya Helmholtz kwa F = −kT ln Z, halafu kila kitu kingine nakitoa humo humo kwa kudiferenshieti. Kwa kuwa F = U − TS, mabadiliko yake madogo ni dF = −S dT − P dV, kwa hiyo ukishika joto lisibadilike ukasogeza ujazo kidogo unapata presha, ukishika ujazo ukasogeza joto unapata entropia. Basi, F moja inakupa zote mbili.

Nilichukua moli moja ya agoni, 298.15 K, ujazo 0.02479 m³, yaani nategemea presha ya 100000 Pa na entropia ya jedwali, 154.8 J/K. Z yenyewe sikuikokotoa maana ni namba kubwa kiasi kwamba kompyuta haiwezi kuibeba, nilienda moja kwa moja kwenye logi yake:

```python
def F(T, V):
    lam = h / sqrt(2*pi*m*k*T)
    return -R*T * log(V / lam**3)
```

Hiyo `lam` ni urefu wa wimbi wa chembe kutokana na joto, kwa agoni hapa ni kama 1.6×10⁻¹¹ m, na angalia iko ndani ya fankshoni, kwa sababu yenyewe inabadilika na T. Ukiikokotoa mara moja huko nje ukaiacha hivo, entropia inapungua 3/2 R, kama 12.5 J/K, na presha haikuambii kitu.

Nikarun. Presha 106000, entropia 602. Mwee.

Ya presha niliikamata haraka. Nilikuwa nasogeza T na V zote kwa hatua ya 0.01, na kwa joto la 298 hiyo si kitu, ila kwa ujazo wa 0.02479 ni asilimia 40, sasa hapo si hatua ndogo tena ni kuruka mtaro. Nikaweka hatua iwe V mara 10⁻⁵, presha ikatulia 100000 safi. (Usijaribu kuipunguza sana pia, F hapa ni kama laki moja na elfu sabini na kitu hasi, ukitoa namba mbili zinazokaribia kufanana tarakimu zinaisha na unabaki na takataka.)

Entropia ikabaki palepale 602, na hapa nilipoteza jioni mbili nikikagua h, k na masi ya agoni, maana nilijiambia kama presha iko sawa basi Z iko sawa. Kumbe sivyo kabisa. Kilichonifungua macho ni kuongeza gesi mara mbili, moli mbili kwenye ujazo mara mbili: entropia ilitakiwa iwe mara mbili kamili, ikaja na ziada ya 11.5 J/K, ambayo ni 2R ln 2. Atomi za agoni hazina majina, ukibadilishana mbili nafasi hujapata hali mpya, na mimi nilikuwa nazihesabu kama hali tofauti. Z ilitakiwa igawanywe kwa N!, N ikiwa idadi ya atomi, na kwa N kubwa ln N! ni karibu N ln N − N, kwa hiyo mstari wa mwisho ukawa:

```python
    return -R*T * (log(V / (NA*lam**3)) + 1)
```

Entropia: 154.85. Presha: haijasogea hata kidogo, maana N! haina V ndani yake, ukidiferenshieti kwa V inapotea bila kuaga. Ndo maana presha haikuniambia kosa.

Jana nikaongeza marekebisho ya van der Waals, yanayohesabu kwamba atomi zina ukubwa wake na zinavutana: V inakuwa V − b kwenye logi, na F inapunguzwa a/V kwa sababu ya atomi kuvutana. Kwa agoni a ni 0.1355 Pa·m⁶/mol² na b ni 3.2×10⁻⁵ m³/mol. Presha ikashuka hadi 99909, entropia ikapungua 0.01 tu, na hiyo 0.01 yote inatoka kwa b. Neno la a halina T, kwa hiyo entropia hailioni kabisa, yaani ni kinyume cha N!, kile kilionwa na entropia peke yake na hiki kinaonwa na presha peke yake.

Kinachofuata ni kushusha joto. Fomula ya gesi kamilifu nimeijaribu kwa 0.001 K kwa ujazo uleule na entropia imetoka hasi, maana pale `lam` imeshazidi nafasi kati ya atomi, na hiyo Z haikutengenezwa kwa hali hiyo.