Siku moja maishani mwangu: muuza tiketi wa Kigoma na tangazo la mara ya pili

Saa 12 asubuhi. Kabla sijagusa simu nafungua daftari. Usiku wa taarabu ni Jumamosi, ukumbi uko Mwanga, viti 150. Hadi jana usiku waliolipa ni 58, kwa hiyo 92 bado viko wazi. Tangazo la Jumapili lilishamaliza kazi yake: waliolisubiri walilipa siku ileile. Leo Jumatano natangaza tena. Nikilirudisha neno kwa neno, watu wataligundua kwa mstari wa kwanza tu na kulipita, na la Ijumaa nalo watalipita.

Saa 2. Nasoma meseji nilizotumiwa tangu Jumapili na watu ambao hawajalipa. Maneno mapya nayatoa humu. Swali linalojirudia ni la watu wa Ujiji: onyesho likiisha saa 6 usiku, tunarudije? Nampigia dereva wa haisi ninayemfahamu. Anakubali kusubiri nje ya ukumbi hadi mwisho, nauli 1,000 kwa kichwa. Sasa nina habari ambayo Jumapili haikuwepo.

Saa 4. Naandika. La Jumapili lilianza hivi: "Jumamosi hii, usiku wa taarabu Mwanga, usikose!" La leo linaanza hivi:

"Ndugu zangu wa Ujiji, mliuliza mtarudije usiku. Haisi itawasubiri mlangoni Jumamosi mpaka taarabu iishe, nauli 1,000."

Chini yake nayaacha yaleyale: siku, saa, ukumbi, kiingilio 10,000 ukilipa mapema na 15,000 mlangoni, namba ya kulipia na jina litakalotokea kwenye simu. Hapo sibadilishi hata herufi. Mtu akiona bei imeandikwa kwa namna nyingine anadhani imepanda, au anaogopa matapeli. Ninachobadilisha ni mstari wa juu, maana ndio unaoonekana kwenye simu kabla meseji haijafunguliwa.

Wale 58 nawatoa kwenye orodha ninayotumia kwa mkupuo. Aliyekwisha lipa akiombwa anunue tena anajiuliza kama hela yake ilifika. Hao nawatumia meseji yao: namba ya kiti na saa ya kufunguliwa mlango.

Saa 6 mchana. Nipo tayari kubandika kwenye grupu la mtaa, linaingia tangazo la msiba. Nasitisha. Huwezi kuweka taarabu chini ya jina la marehemu, watu bado wanaandika pole. Grupu hilo litasubiri mpaka mazishi yapite. Nabandika kwenye grupu la Ujiji peke yake.

Msimamizi ananiandikia pembeni: "Dada, si ulitangaza Jumapili?"

"Ndiyo kaka, leo nimeleta habari ya usafiri, watu wako ndio waliouliza. Nikiruhusiwa, nitarudi Ijumaa mara moja, basi."

"Sawa, Ijumaa iwe ya mwisho."

Makubaliano ya namna hii nayaheshimu. Grupu likinitoa, limenitoa na kwa onyesho la mwezi ujao.

Saa 8. Asubuhi Kibirizi watu wako kwenye dagaa, hakuna anayesoma matangazo. Saa hizi ndio wanapumzika. Kwao usafiri si tatizo, na haisi ya Ujiji haiwahusu. Linalowahusu ni mwezi. Jumamosi mwezi utakuwa mpevu, na mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, wengi hubaki nchi kavu. Nawaandikia: "Jumamosi ni mbalamwezi, baba watoto yuko nyumbani. Njooni wawili." Mama mmoja ananijibu kwa sauti, anacheka, anataka viti viwili vya mbele.

Saa 11 jioni. Nagusa na kushikilia meseji yangu kwenye grupu la Ujiji nione waliosoma. Wengi wamefungua, na wanaouliza wanauliza haisi itapitia wapi. Hiyo ni dalili nzuri. Ningeona wamesoma na hakuna hata swali, ningejua tatizo si maneno; pengine ni bei, au siku yenyewe. Hapo kuandika upya hakusaidii, inabidi nikae na mwenye onyesho. Kwenye stetasi naweka picha ya jukwaa na mstari mmoja wa haisi. Itafutika yenyewe baada ya saa 24, haimlundikii mtu meseji.

Saa 3 usiku. Nalinganisha malipo na daftari. Ujiji 14, Kibirizi 9. Jumla sasa 81, vimebaki 69. Siwezi kuandika "vimebaki vichache", maana atakayekuja Jumamosi akakuta safu tatu tupu hataniamini tena. Kesho sitangazi popote, isipokuwa grupu la mtaa kama mazishi yatakuwa yamepita. Ijumaa mstari wa kwanza utakuwa hesabu halisi ya viti vya siku hiyo, pamoja na saa ambayo bei ya 10,000 inakoma.