Tulivyovuka miezi mitatu ya ziwa kufungwa

Mume wangu anavua dagaa hapa Katonga, Kigoma, nami naanika. Hana chombo chake. Wakitoka ziwani hutolewa kwanza gharama za mafuta, mwenye chombo akachukua sehemu yake, kinachobaki wavuvi wakagawana. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo kila mwezi kuna wiki moja hivi ya kukaa nchi kavu. Njaa hiyo ndogo tumeizoea. Lakini mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hapo hakuna mgawo kabisa.

Hesabu yetu tuliianza na chakula. Tuko sita, tunamaliza kilo mbili na nusu za dona kwa siku. Kwa siku 92 ni kilo 230, yaani magunia mawili ya kilo mia na debe moja na nusu juu. Tukapatana kwamba katika kila kipindi cha giza, mbalamwezi isipowaka, mgawo wa usiku wa kwanza mzuri usiingie jikoni, uende kwenye mahindi. Mengi tuliyanunua Mei, mavuno mapya yalipoanza kuingia sokoni kutoka Kasulu na bei ikashuka. Maharage nayo tulichukua wakati huohuo.

Fedha ya chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia na madaftari nilitaka itoke kwenye dagaa. Dagaa wakavu hupanda bei ziwa likifungwa, ila wawe wamekauka kweli. Mvua za Machi na Aprili ndizo zinazoharibu mzigo: wakinyeshewa kichanjani hugeuka rangi na kutoa harufu, na mchuuzi hawagusi. Mimi huvunja mmoja kwa vidole. Akikatika kwa mlio, yuko tayari; akipinda, bado ana maji ndani, na gunia zima litapata ukungu. Magunia niliyapanga juu ya miti, mbali na sakafu na ukuta, na kila jua lilipowaka vizuri niliyafungua nikawaanika tena.

Mama mkwe alinisumbua: "Mama Zawadi, uza sasa, mjukuu wangu hana viatu." Nilimwonea huruma mtoto, lakini gunia sikulifungua. Viatu vilisubiri mpaka Juni, nilipoanza kuuza kwa kisado, kidogokidogo kila wiki, ili fedha isije yote kwa mkupuo.

Kikoba chetu cha waanikaji nacho kilisaidia sana. Tuliomba mzunguko uvunjwe mwanzoni mwa Mei badala ya Desemba, na wenzangu wakakubali kwa sababu wote tunategemea ziwa hilohilo. Gawio langu niliweka kando kwa ajili ya ugonjwa. Julai mdogo wetu alipata malaria, tukalipia dawa bila kukopa dukani.

Ziwa lilipofunguliwa mahindi yalikuwa yamebaki chini ya debe.