Kichwa cha zipu

Leo jioni binti yangu amerudi kutoka shuleni akiwa amelikumbatia begi kifuani, kwa kuwa zipu ilikuwa ikifunguka nyuma ya kile kichwa kinachovutwa kila alipoifunga.

Nimelipeleka kwa fundi wa mabegi.

Amenionyesha kwamba meno yote ni mazima. Kilichoharibika ni kichwa, ambacho kwa kuvutwa kila siku juu ya vitabu vilivyojaa kimepanuka kidogo, kiasi kwamba hakiyabani meno tena.

Amekibana taratibu kwa plaizi, upande mmoja kisha wa pili, na zipu ikashika. Uwazi wenyewe ulikuwa mdogo mno, na bado ninaufikiria.

Ameonya kwamba chuma kilicholika kitapanuka tena, hivyo ni heri kubadilisha kichwa. Zipu hii ni namba 5, yaani upana wa meno yakifungwa ni takriban milimita 5. Kwa vitabu vizito angeweka namba 8.

Kitambaa cha polista bado ni imara, ila penye mshono wa mkanda nyuzi zimeanza kuchomoka, kwa sababu ukingo haukufungwa kwa utepe.

Ndugu zangu, mabegi ya watoto wenu huanza kuharibikia wapi?