Nilivyoomba kuongezewa kikomo cha ovadrafti, na nilichokikataa

Nauzia hoteli za Nungwi na Paje mboga, mayai na nafaka. Madalali wa Mwanakwerekwe nawalipa ndani ya siku 15, ilhali hoteli hunilipa siku 45 baada ya kupokea ankara. Kati ya Juni na Oktoba mzigo wa mwezi mmoja hunigharimu shilingi milioni 15, na kwa kuwa pengo ni la siku 30, fedha hizo zote huwa mikononi mwa wengine. Kikomo changu, yaani kiasi ambacho benki iliniruhusu kutoa zaidi ya salio la akaunti, kilikuwa milioni 10, kwa hiyo niliomba milioni 15, nikieleza hesabu hiyo kwenye barua yenyewe.

Nilipeleka ombi Aprili, masika yakiwa yameanza na hoteli zimeshamaliza kulipa ankara za Disemba hadi Februari. Pamoja na leseni na uthibitisho wa kodi, niliambatisha orodha ya wadaiwa iliyoonyesha kila ankara ina siku ngapi, na taarifa ya akaunti ya miezi 12. Ofisa wa mikopo hakuitazama sana jumla ya mauzo; alifuata kwa kalamu salio la juu kabisa la kila mwezi, kwa sababu akaunti inayopanda mara kwa mara hadi kuwa na fedha zake yenyewe inaonyesha kwamba ovadrafti inaziba pengo tu. Ile ambayo haipandi kamwe juu ya hasi milioni 4, tuseme, ina milioni 4 za deni la kudumu, na deni la namna hiyo linastahili mkopo wa muda maalumu. Yangu ilikuwa ikipanda.

Jibu la benki lilikuwa zaidi ya ombi: milioni 25, kwa dhamana ya nyumba ya familia, nami nitumie ziada kununua gari lenye jokofu. Riba si iliyonitia wasiwasi, kwani hutozwa kila siku kwa kiasi kilichotumika tu. Kwa asilimia 18 kwa mwaka, milioni 10 kwa siku 30 ni takriban shilingi 148,000. Ada ya kila mwaka, hata hivyo, ilikuwa asilimia 2 ya kikomo chote, kitumike kisitumike, yaani 500,000 badala ya 300,000. Lililonifanya nikatae hasa ni kifungu kilichoipa benki haki ya kudai deni lote wakati wowote. Ankara za hoteli zingeweza kulilipa deni la mboga, lakini gari hurudisha fedha zake kwa miaka, na nyumba ile tuna hisa ndugu kadhaa.

Nilimwandikia ofisa kwamba nakubali milioni 15 kwa dhamana ileile ya awali, na kwamba gari nitaliombea mkopo wa miaka mitatu, gari lenyewe likiwa dhamana. Barua mpya ilipokuja, nilisoma kwanza ukurasa wa dhamana, kisha nikatia saini.