Ukurasa Mmoja, Safu Tano: Nilivyopanga Gazeti Lililopigwa Picha

Mwalimu mmoja mstaafu wa mtaani kwetu ametunza magazeti ya Kiswahili ya miaka ya 1960. Macho yake hayaoni tena, na alitaka asomewe na simu, kwa ile sauti inayotamka maandishi yaliyo kwenye kioo. Nikakubali kuyapiga picha na kuyageuza kuwa maandishi. Kutambua herufi hakukunisumbua sana. Kilichonila muda ni kuamua nini kifuate nini. Jicho huruka huku na kule kwenye ukurasa na halipotei; sauti ya simu inashuka mstari kwa mstari tu, na ukiipangia vibaya inatoka kwenye bei ya pamba na kuingia kwenye bei ya baiskeli bila hata kupumua.

Nitaeleza ukurasa mmoja, kwa sababu ulikuwa na karibu kila tatizo nililokutana nalo. Una safu tano. Juu kushoto kuna habari ya pamba ambayo kichwa chake kimetanda juu ya safu ya 1 hadi ya 3. Kulia, juu ya safu ya 4 na ya 5, kuna habari ya barabara. Katikati ya safu ya 2 na ya 3 kumewekwa picha pana yenye maelezo chini yake. Mguu wa safu ya 1 kuna habari fupi ya ajali, na chini ya safu ya 3, 4 na 5 limelala tangazo kubwa la baiskeli.

Nianze na upigaji picha, maana mpangilio mbaya mara nyingi huanzia hapo. Safu za gazeti lile zina urefu wa sentimita 38 hivi, na mwanya kati ya safu na safu ni kama milimita 4. Ukurasa ukiwa umelala upande kwa digrii moja tu, mguu wa safu unasogea karibu milimita 7 kutoka mahali ulipopaswa kuwa. Yaani ukichora mstari ulionyooka kutoka kwenye mwanya wa juu, ukifika chini umeshaingia ndani ya maandishi ya safu jirani. Utalijua hilo ukiona mistari ya chini imekatwa herufi za mwanzo huku ile ya juu iko salama. Kwa hiyo nilililaza gazeti chini ya kipande cha kioo, karibu na dirisha, nikazima taa ya darini ili isimulike kwenye kioo. Kisha kwenye kompyuta niliinyoosha picha kwa kufuata mistari myembamba iliyochapwa kati ya safu. Sikufuata ukingo wa karatasi, kwa kuwa karatasi ya gazeti mara nyingi haikukatwa sambamba na chapa. Kingine ni mkunjo wa katikati: kivuli chake kinaonekana kama mstari, na programu hukidhani kuwa mpaka wa habari. Ukipiga na mwanga wa kutoka juu na chini ya ukurasa pamoja, kivuli hicho hufifia.

Niliupitisha ukurasa mzima kwenye Tesseract, programu ya kutambua herufi zilizo kwenye picha, kwa agizo hili:

```
tesseract uk3.png uk3 -l swa --psm 3
```

Hiyo `--psm 3` inaiachia programu igawe ukurasa yenyewe. Safu ya 1 ilitoka vizuri. Lakini upande wa kulia, ambako mwanya ni mwembamba na hakuna mstari uliochapwa, iliunganisha mstari wa safu ya 4 na ule wa safu ya 5 ulio sambamba nao, ikazisoma kama sentensi moja ndefu isiyo na maana. Nikaamua kugawa kwa mkono: nione mwenyewe mipaka, nikate vipande, kisha programu isome kipande kimoja kimoja.

Nilianza na vichwa vya habari, sio safu. Kichwa kinamiliki safu zote zilizo chini ya upana wake, hadi utakapokutana na kichwa kingine, mstari wa kukata, au fremu. Kichwa cha pamba kimefunika safu tatu, basi safu hizo ni zake. Ukimaliza safu ya 1 unapanda juu ya safu ya 2, sio kuendelea kushuka kwenye chochote kilicho chini. Mguu wa safu ya 1 kulikuwa na mstari mfupi wa kukata, na chini yake maneno manene kidogo: "Ajali Misungwi". Herufi zake zinakaribiana kwa ukubwa na vichwa vidogo vilivyomo ndani ya habari ya pamba, kwa hiyo ukubwa peke yake haukutosha kuamua. Kilichoamua ni ule mstari. Kichwa kidogo cha ndani ya habari hakitanguliwi na mstari wa kukata. Habari mpya hutanguliwa nao.

Baada ya hapo unabaki na maungio, na hapa Kiswahili chenyewe kilinisaidia kuliko programu yoyote. Safu ya 2 inakatizwa na picha. Maandishi yaliyo juu ya picha yanaishia hivi: "wanachama wa vyama vya ushirika". Kuna sehemu mbili ambako sentensi inaweza kuendelea: chini ya picha katika safu hiyohiyo, au juu ya safu ya 3. Chini ya picha mstari unaanza na "vilivyo katika wilaya hizo wamekubali". Juu ya safu ya 3 unaanza na "itabaki kama ilivyokuwa". "Vilivyo" inadai vyama, na "wamekubali" inawadai wanachama. Vyote viwili vipo juu ya picha. Basi maandishi yanaruka picha na kuendelea kushuka. Nilipofika mwisho wa safu ya 2 nikakuta "Alieleza kuwa bei ya pamba msimu huu", na ile "itabaki" ya juu ya safu ya 3 ikakaa mahali pake.

Upatanisho wa namna hii unafanya kazi vizuri pale maneno yanapokuwa ya ngeli tofauti. Habari nyingi za gazeti, lakini, ni za watu, na "a-" na "wa-" zinapatana karibu na kila kitu. Safu ya 4 iliishia "wananchi wa eneo hilo", na sehemu zote mbili zilizowezekana zilianza na kitenzi cha "wa-". Hapo nilitazama vitu vingine. Kama neno limekatwa kwa kistari mwisho wa safu, nusu yake ya pili ndiyo jibu. Kama mstari wa mwisho umejaa hadi ukingoni, aya haijaisha, na unakokwenda hakupaswi kuanza kwa kuingizwa ndani. Kama mstari umeishia katikati na nukta, aya imekwisha na upatanisho hauwezi kukuambia kitu. Unabaki na majina ya watu na mahali. Mheshimiwa aliyetajwa kwa cheo na jina kamili juu, kisha kwa jina moja tu mahali pengine, ametajwa kwanza pale alipotajwa kikamilifu.

Picha ilinifikirisha zaidi. Imekaa katikati ya habari ya pamba, na mtu yeyote angeiunganisha nayo. Lakini maelezo yake yanataja wanafunzi wa shule waliokuja kutembelea gazeti, kutoka kushoto kwenda kulia. Haihusiani na pamba hata kidogo. Iliwekwa pale kujaza nafasi. Tangu hapo nikajiwekea utaratibu wa kusoma maelezo kabla ya kuamua picha ni ya nani. Kama inahusu habari, maelezo yanakuja baada ya habari nzima, hata kama kwenye ukurasa yako katikati, kwa sababu ukiyaacha mahali pake yanapasua sentensi vipande viwili. Kama haihusu, inakuwa kitu cha pekee. Na maelezo ya picha pana yanasomwa kwa upana wa picha yote, kuvuka mwanya wa safu. Ukiyakata pamoja na safu ya 2, nusu ya majina inabaki safu ya 3.

Kuhusu matangazo nilimuuliza mwenyewe.

"Mwalimu, matangazo niyaache?"

"Usiyaache, mwanangu. Nataka kujua baiskeli ilikuwa shilingi ngapi. Ila yasiniingilie kati ya habari."

Basi yakaenda mwisho wa ukurasa, kila moja likianza na neno "Tangazo". Lile la baiskeli lilikuwa na mtego wake ndani: orodha ya mawakala katika safu mbili, mji kushoto na duka kulia. Safu za habari zinasomwa kwa kushuka, lakini orodha kama hiyo inasomwa kwa kuvuka, mji na duka lake, kisha mstari unaofuata. Msimamo wa ligi ya mpira unahitaji hivyohivyo. Namna ya kutambua ni kusoma kipande kwa kushuka: ukipata majina ya miji matupu yamefuatana, hiyo ni jedwali. Kuna pia tangazo linalojivika sura ya habari, lenye kichwa na aya. Hilo nalitambua kwa fremu, au kwa anwani ya duka mwishoni.

Vipande vyote nilivipa majina kwa habari na namba, kisha nikavisomesha kwa mfuatano:

```
for f in pamba-*.png; do
  tesseract "$f" stdout -l swa --psm 6 >> pamba.txt
done
```

`--psm 6` inachukulia kipande ni fungu moja la maandishi, na haijaribu tena kugawa safu. Namba ziandikwe `01`, `02`, kwa maana kompyuta hupanga `pamba-10` kabla ya `pamba-2`, na utaratibu wote unavurugika kimyakimya.

Sikulazimisha ukurasa mzima uwe na mfuatano mmoja. Ndani ya habari ya pamba mfuatano ni lazima, kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Kati ya pamba, barabara, ajali na picha ya wanafunzi hakuna inayopaswa kutangulia. Mhariri alizipanga zionekane kwa pamoja. Muundo wa PAGE XML unaotumiwa na watu wa nyaraka za kale una nafasi ya jambo hili: `OrderedGroup` kwa vipande vyenye mfuatano, na `UnorderedGroup` kwa vile visivyo nao. Kwa Mwalimu nilianza na kichwa kikubwa zaidi, nikashuka kwa ukubwa, na kila habari ikawa faili lake ili aruke anayotaka.

Habari ya barabara inaishia "Inaendelea ukurasa wa 6". Maneno hayo nayo si sehemu ya sentensi, kwa hiyo niliyatoa, nikaenda ukurasa wa 6, nikatafuta kichwa kifupi chenye "Kutoka uk. 3" na kuunga hapo. Toleo jingine halikuwa na ukurasa wa 6. Humo niliandika ndani ya mabano "mwendelezo haupo", nikaliacha neno la mwisho likiwa nusu kama lilivyochapwa.