Nilivyorudisha meseji za chama baada ya fundi kusema zimepotea

Mimi ni katibu wa chama chetu hapa Kibuye, Kisumu. Nani ametoa mchango na nani anadaiwa, yote yamo kwenye WhatsApp yangu. Niliponunua simu mpya, fundi aliyeniuzia aliingiza laini yangu, akafungua programu, ikasema hakuna bakapu. Akaniambia meseji zimeenda, nianze upya. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo, maana hakuangalia hata akaunti.

Simu ya zamani ilikuwa na Gmail yangu, ile mpya alikuwa ameifungulia Gmail nyingine. Bakapu ya Google Drive hupatikana kwa namba ileile na Gmail ileile, basi. Nikaongeza Gmail yangu kwenye simu mpya, bakapu ikaonekana, lakini ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Zile GB 15 za bure zilikuwa zimejaa, kwa hiyo hakuna kipya kilichopanda tena.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba WhatsApp huandika pia bakapu ndani ya simu yenyewe kila usiku saa nane. Simu ya zamani ilikuwa imeshatolewa kwenye akaunti, lakini faili lilikuwa bado lipo hapa:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Databases
```

Jina lake ni `msgstore.db.crypt14` (kwa simu nyingine ni `crypt15`), na tarehe yake ilikuwa ya alfajiri hiyohiyo. Jamani, nilifurahi! Nikalinakili kwa kadi ya memori hadi folda ileile ya simu mpya. Fundi akanishauri kwa simu: sasa futa WhatsApp, uiweke tena, itaiona. Nikafuata. Hakuna bakapu. Kuingia kwenye folda, tupu! Kwenye simu za Android za siku hizi, ukifuta programu, folda yake ndani ya `Android/media` hufutwa nayo. Ndiyo maana nawaambia, WhatsApp ya simu ya zamani msiifute kamwe kabla hamjamaliza. Ningeifuta huko, michango yetu ingekuwa hadithi.

Nikageuza mpangilio. Kwanza nikafuta, kisha nikapakua WhatsApp kutoka Play Store, kwa sababu ile ya fundi alikuwa amenirushia simu kwa simu na ilikuwa toleo la nyuma, na toleo la nyuma halisomi bakapu ya toleo jipya. Sikuifungua. Nikatengeneza folda kwa mkono, herufi kwa herufi, nikabandika faili, nikaondoa Gmail yangu kwa muda ili isinipe bakapu ya kale. Ndipo nikafungua, nikaweka namba, nikakubali ruhusa ya mafaili. Likatokea neno "Restore".

Mazungumzo yote yakarudi. Picha nilizihamisha baadaye kwa folda ya `Media`. Kilichokosekana ni meseji za baada ya saa nane usiku, na mweka hazina wetu akanitumia tena zile za M-Pesa za asubuhi hiyo.